Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Dada yangu mkubwa alinitumia wasifu wake saa tano usiku, kurasa nne, na chini yake akaandika: "Upitie mdogo wangu, wanautaka Ijumaa." Nikaufungua nikiwa kitandani. Sentensi ya kwanza ilisema alizaliwa mwaka 1963 wilayani Korogwe, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba. Ya pili ikataja shule ya msingi, ya tatu sekondari. Ukurasa wa pili na wa tatu ulikuwa vyeo vyote alivyowahi kupanda, daraja kwa daraja, na tarehe za barua. Ukurasa wa nne ulikuwa semina. Kufika mwisho nilikuwa nangoja tu kusoma kwamba ameacha mume, watoto wanne na wajukuu sita, Bwana ametoa na Bwana ametwaa.

Nikampigia. "Dada, umefariki lini?"

Alicheka mpaka akakohoa, lakini aliumia kidogo, nilimsikia. Si kosa lake. Sisi wasifu wa mtu tumezoea kuusikia ukisomwa mbele ya jeneza, na ule una mpangilio wake: kuzaliwa, elimu, ajira, ndoa, ugonjwa. Mwingine tunaoujua ni ule wa kuombea kazi. Dada alichukua huu wa pili aliouandika zamani akiwa kazini, akauongezea heshima ya ule wa kwanza. Hakuna hata mmoja uliofaa, kwa sababu alikuwa haombi kazi wala hatujamzika. Alikuwa anaingia kwenye bodi ya wadhamini ya shirika dogo la hisani huko Mbagala, kwa kujitolea.

Mimi ni katibu wa bodi ya shirika jingine kwa mwaka wa sita sasa, na wasifu wa namna hii umepita mikononi mwangu mara nyingi. Nitaeleza tulichofanya na ule wa dada, kwa ruhusa yake. Jina ameninyima.

Kwanza neno lenyewe. Dada alipoutangazia ukoo kwamba amealikwa kuwa mdhamini, shemeji yangu hakulala. Yeye mdhamini anayemjua ni wa mahakamani, anayeweka hati ya nyumba ili mtuhumiwa atoke, au wa mkopo, anayefuatwa aliyekopa akikimbia. Mpwa wetu naye mdhamini anayemjua ni yule anayeweka nembo yake kwenye jezi, kwa hiyo akauliza shangazi atawapa shilingi ngapi. Mdhamini wa shirika si huyo wala yule. Tanzania kuna Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, ambayo usajili wake uko kwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Wadhamini wakishasajiliwa wanakuwa chombo kimoja kisheria chenye jina na lakiri yake, kinachoweza kumiliki kiwanja, kushtaki na kushtakiwa. Mdhamini mmoja akifa au akijiuzulu chombo kinabaki. Nyumba ya shemeji ya Tabata haimo humo. Lakini mdhamini anawajibika kwa mali inayopita mikononi mwao na kwa uzembe wake mwenyewe, na hilo ndilo linalofanya wasifu uwe na maana. Anayeusoma anataka kujua kitu kimoja: huyu akikaa mezani, ataona nini ambacho sisi hatukioni?

Kwa hiyo kabla ya kugusa sentensi hata moja, nilimwambia dada aombe kwa katibu wa shirika vitu vitatu: katiba, hesabu za mwaka uliopita zilizokaguliwa, na orodha ya waliomo kwenye bodi. Aliona nachelewesha. "Mimi nimeulizwa kuhusu mimi, wewe unaniambia nisome kuhusu wao." Ndiyo hivyo. Mtu aliyefanya kazi miaka 35 ana maisha kumi ya kuandika, na hawezi kujua aandike lipi mpaka aone meza ina pengo wapi.

Shirika lenyewe linahudumia watoto wenye mtindio wa ubongo. Lina chumba cha mazoezi ya viungo na karakana ndogo ya kutengeneza na kurekebisha viti mwendo. Kwenye bodi kulikuwa na daktari, mtaalamu wa mazoezi ya viungo ambaye ndiye aliyemwalika dada, mchungaji, wakili, mhasibu, na mzazi wa mmoja wa watoto. Watu sita, na wa maana. Kisha tukasoma barua ambayo mkaguzi wa hesabu huwaandikia menejimenti pamoja na ripoti yake, ile ya kurasa mbili tatu ambayo watu huiruka kwa sababu hesabu zenyewe zimepita salama. Mkaguzi alisema vifaa vya msaada vilivyopokelewa mwaka ule havina daftari linaloeleweka: idadi iliyoandikwa kwenye shukrani kwa mfadhili haifanani na iliyokutwa stoo, na haijulikani vingine vimekwenda kwa nani.

Dada akavua miwani. "Hawana kadi za stoo."

Maisha yake yote amekuwa mtu wa ugavi, katika hospitali za serikali, mikoani kwanza na baadaye Dar es Salaam. Aliajiriwa 1988 akastaafu 2023 kwa lazima, alipotimiza miaka 60. Mtu wa ugavi akisikia "haijulikani vimekwenda kwa nani" hujisikia kama fundi bomba aliyesikia maji yanatiririka ukutani. Pengo lilikuwa hapo, lina umbo la dada yangu kabisa, na kwenye kurasa nne alizoandika hakukuwa na sentensi hata moja inayolijaza.

Tulikaa barazani kwake Jumatano asubuhi, na kompyuta yangu na chupa ya chai. Nikamwuliza, achana na vyeo, ni siku gani kazini ambayo hujaisahau?

Akanisimulia ya mwaka 1999, hospitali moja ya mkoa. Lori la glovu lilifika jioni, saa kumi na mbili inagonga, mvua inanyesha. Hati ya mzabuni ilisema katoni 400. Dada akasema zishushwe zihesabiwe. Mtu wa mzabuni akasema dada, giza linaingia. Zikahesabiwa, zikawa 388. Zikahesabiwa tena, 388. Bosi wake akaja na mwavuli akamwambia asaini tu 400, zilizobaki zitaletwa kesho, asiwacheleweshe watu wana safari. Dada akaandika 388 kwenye hati ya kupokelea mali, akaandika kwa maneno, "mia tatu themanini na nane tu," akasaini, na chini akaweka maelezo kwamba 12 zimepungua. Mwezi mzima bosi hakumsalimia.

Nilimwuliza kwa nini hilo halimo kwenye wasifu. Akaniangalia kama mtoto. "Nitaandika nini, kwamba niligombana na bosi?"

Hapo ndipo watu wengi waliostaafu hukwama. Wanayoyakumbuka kwa fahari wanaona hayaandikiki, na yanayoandikika hayasemi kitu. Kwenye rasimu yake, mahali ambapo katoni zile zingekaa, palikuwa na maneno haya: "Ni mwaminifu, mchapakazi na mwenye uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu." Nikamwuliza, nani ataandika kwamba yeye si mwaminifu? Sifa ambayo hata mwizi angejiandikia haimwambii mwenyekiti wa bodi chochote. Hata hivyo kisa chenyewe hakiwezi kuingia kizima, maana wasifu wa mdhamini unaowekwa kwenye ripoti ya mwaka ni maneno mia moja hadi mia moja na hamsini, na kisa cha mvua na mwavuli kingeyamaliza yote. Isitoshe kingemchafua bosi ambaye hayupo kujitetea.

Tulichofanya ni kutafuta tabia iliyo ndani ya kisa. Si "uaminifu", hilo ni jina tu. Tabia ilikuwa kwamba dada hasaini kitu ambacho hajakihesabu. Hilo ni jambo mtu analifanya kwa mkono, linaonekana, na bodi inalihitaji, kwa sababu wadhamini husaini vitu vingi sana: hesabu za mwaka, mikataba, barua za benki. Nikaliandika pembeni, nikaliacha likae.

Kisha tukaja kwenye takwimu, na hapa nilibishana na dada karibu saa nzima. Mpwa wetu alikuwa amemshauri kwamba wasifu wa kisasa lazima uwe na asilimia. Kwa hiyo dada akawa ameandika kwamba alipunguza upotevu wa dawa zilizoisha muda kwa asilimia arobaini. Nikamwuliza arobaini imetoka wapi. Akaeleza vizuri kabisa: alipofika hospitali ya mwisho alikuta makatoni ya dawa yamepangwa kwa jinsi yalivyoingia, mapya mbele, ya zamani nyuma ukutani, kwa hiyo watoaji walichukua ya mbele na ya nyuma yakaisha muda. Akapanga upya, inayowahi kuisha ikae mbele itoke kwanza, na kila kadi ya stoo ikaandikwa tarehe ya kuisha kwa wino mwekundu. Mwaka wa kwanza shehena ya kuteketeza ilijaza gari dogo la mizigo. Miaka miwili baadaye yalikuwa makasha machache.

Yote hayo ni kweli, nilimwamini. Lakini asilimia arobaini ilikuwa ya kukisia, na kumbukumbu ziko kwa mwajiri, si kabatini kwake. Kwenye bodi yupo mhasibu. Mhasibu atauliza, kwa upole, arobaini ya nini: ya thamani, ya idadi, au ya uzito? Dada akibabaika hapo, hata 388 yake haitaaminika. Namba ya kuweka kwenye wasifu ni ile ambayo ukiamshwa usiku unaweza kuieleza ilivyohesabiwa. Dada alikuwa nazo tatu: miaka 35 ya kazi, watu kumi na mmoja aliowaongoza mwishoni, na miaka tisa aliyowaongoza. Zikabaki hizo tatu.

Tukaanza kukata. Vyeo viliondoka karibu vyote. "Afisa Ugavi Mkuu Daraja la Kwanza" ni kitu kikubwa kwa aliyepanda ngazi hizo, na dada alizipanda kwa jasho, lakini mchungaji na mzazi wa mtoto wanaosoma hawajui kama daraja la kwanza ndilo la juu au la chini. "Aliongoza kitengo chenye watu kumi na mmoja" wanaielewa wote. Semina zote ziliondoka. Tarehe ya kuzaliwa, Korogwe, na idadi ya watoto vikaondoka pia. RITA watataka wasifu wa kazi ulio kamili pamoja na picha na nakala ya kitambulisho, na hayo yatakaa kwenye faili la maombi, lakini wasifu wa ripoti utasambazwa kwa watu asiowajua. Ningemwambia hivyo hata kama tusingekuwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kilichomuuma zaidi ni sheria za manunuzi. Dada alianza kazi enzi za Bodi Kuu ya Zabuni, akafanya kazi chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2001, kisha ya 2004, kisha ya 2011, na anastaafu mpya ya 2023 ikitungwa. Kwake ni kama mwanajeshi aliyepigana vita nne. Alitaka zote ziorodheshwe. Lakini shirika la Mbagala halinunui chini ya sheria hizo, na msomaji akiona orodha ya sheria anaweza kuogopa kwamba huyu mama atakuja kuwadai kamati ya tathmini kila wanapotaka kununua gundi. Tukabakiza kazi yenyewe: amekaa kwenye kamati za kutathmini zabuni, na amejibu hoja za wakaguzi. Hii ya pili alitaka kuifuta, akidhani kujibu hoja za ukaguzi ni aibu. Nikamkatalia. Bodi iliyoandikiwa barua na mkaguzi inahitaji sana mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa barua ile.

Usajili wake kwenye Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi ulituchukua dakika kumi kwa ajili ya herufi chache. Yeye alisajiliwa tangu enzi za ile bodi ya zamani, kabla sheria ya 2007 haijaunda hii ya sasa. Aliandika "ni mtaalamu aliyesajiliwa." Nikamwuliza ada ya mwaka amelipa lini mara ya mwisho. Kimya. Basi ni "alisajiliwa". Ukiandika "ni" na mtu akaangalia akakuta usajili umelala, umeanza udhamini kwa kusema uongo mdogo ambao wala hukuuhitaji. Mwishowe tuliliondoa kabisa, nafasi ilikuwa finyu.

Neno "mstaafu" nalo alilitaka litoke. Alisema linamfanya aonekane amechoka. Nikamwomba libaki, kwa sababu kwa bodi neno hilo lina habari mbili nzuri: ana muda, na hana mwajiri ambaye maslahi yake yanaweza kugongana na ya shirika.

Kuhusu maslahi, hapo hapo ikaibuka ya mtoto wake wa pili, ambaye ana duka la tairi na vipuri vya baiskeli Kariakoo. Karakana ya viti mwendo hununua tairi na mipira ya ndani. Dada alisema hilo dogo, na tena kijana angewauzia kwa bei nzuri. Bei nzuri ndiyo inayoleta balaa zaidi, nikamwambia, kwa sababu kila mtu ataikubali bila kuuliza. Haliingii kwenye wasifu, lakini linaingia kwenye barua ya kukubali uteuzi, kwa sentensi moja: mwanangu ana duka la vipuri, shirika likitaka kununua kwake mimi nitatoka kikaoni, na iandikwe kwenye muhtasari. Aliiandika mwenyewe, bila msaada wangu, na nadhani ndiyo sentensi bora kuliko zote zilizoandikwa siku ile.

Rasimu ya pili ilikuwa fupi na nzuri, na bado ilikuwa na kasoro moja kubwa ambayo mimi mwenyewe sikuiona mpaka nilipoisoma kwa sauti. Ilisema: "Katika Bodi atasimamia stoo na kuhakikisha kumbukumbu zote zinawekwa ipasavyo."

Huyo si mdhamini. Huyo ni mtunza stoo asiyelipwa. Nimewahi kuona kwenye meza ya bodi mtaalamu mstaafu akiingia kwa moyo safi, na baada ya miezi mitatu yuko ofisini kila Jumatatu, anafungua makabati, anamwagiza mhasibu, na mkurugenzi hajui tena bosi ni nani. Unayatambua mapema: wafanyakazi wanaanza kumpigia yeye simu badala ya mkuu wao. Bodi kazi yake ni kuuliza, kuidhinisha, na kuona kwamba majibu yanatolewa. Kuweka kadi za stoo ni kazi ya mfanyakazi, na kumsimamia ni kazi ya mkurugenzi. Mkurugenzi wa shirika atausoma wasifu huu kabla ya mtu mwingine yeyote, na akiona neno "atasimamia stoo" ataanza kujihami siku hiyo hiyo.

"Kwa hiyo nisiingie stoo?" dada akauliza, kwa huzuni ya kweli.

"Ukialikwa. Na ukiingia, usishike kalamu."

Basi tukatafuta maneno ya mtu anayesoma taarifa badala ya kuziandika. Na hapo likaja jambo ambalo sikulitegemea, la misaada ya vitu. Nilidhani nguvu ya dada ni kuhesabu. Kumbe kubwa zaidi ni kukataa. Alinieleza kwamba hospitalini walikuwa wakiletewa vifaa kutoka nje, kwa nia njema kabisa, na kazi yake ilikuwa kuuliza kabla havijapakiwa: vinatumia umeme gani, vipuri vinapatikana wapi, vimebakiza muda gani. Viti mwendo hali kadhalika. Kontena la viti vilivyotumika linaonekana la bure, lakini kulitoa bandarini ni gharama, likichelewa linatozwa hifadhi, kisha lori hadi Mbagala, kisha pa kuvihifadhi. Ukifungua unakuta ni viti vya watu wazima, vya kukunja, vya kutembea kwenye sakafu laini ya hospitali. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo akiwekwa kwenye kiti kipana kuliko nyonga zake anaegemea upande mmoja siku nzima, mgongo unapinda, ngozi inachubuka. Na yale magurudumu madogo ya mbele yanazama kwenye mchanga wa uchochoro wa Mbagala kabla mama hajafika barabarani. Kwa hiyo viti vinalundikana stoo, mfadhili ameshashukuriwa kwa idadi nzima, na mkaguzi anakuja kuandika barua yake.

Niliacha kuandika nikamsikiliza tu. Mtu huyu alikuwa ameandika kurasa nne na hili halimo.

Alhamisi usiku tuliutuma ukiwa hivi. Jina nimelibadilisha, mengine ni yale yale:

"Bi. Fulani ni mtaalamu mstaafu wa ununuzi na ugavi, anaishi Tabata, Dar es Salaam. Kwa miaka 35, hadi alipostaafu mwaka 2023, alifanya kazi katika hospitali za umma, na miaka tisa ya mwisho aliongoza kitengo cha ugavi chenye watu kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa kuona kwamba kilichonunuliwa ndicho kilichofika, na kwamba kilichofika kinamfikia mgonjwa kabla ya kuisha muda. Amekaa kwenye kamati za kutathmini zabuni, amejibu hoja za wakaguzi, na amepokea misaada ya vifaa kutoka nje pamoja na kuikataa ile isiyofaa. Ndani ya Bodi atachangia zaidi katika kupitia taarifa za mali na manunuzi, na katika kuandaa sera ya kupokea misaada ya vitu. Alisoma Chuo cha Elimu ya Biashara, Dar es Salaam. Amezoea kusaini alichokihesabu. Anajitolea bila malipo."

Ule wa kurasa nne ameuhifadhi. Anasema utatumika siku yake ikifika, na nisije nikakata semina.

Kuna sentensi moja pale ambayo sina uhakika nayo hadi leo, ile ya kusaini alichokihesabu. Ni fupi kuliko wenzake, imekaa kama imepotea njia, na wasifu rasmi kwa kawaida hauna maneno ya namna hiyo. Niliitoa mara mbili, dada akairudisha mara mbili. Nilikuwa na hofu kwamba wakili wa bodi ataiona ya kujisifu.

Walimwita Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, awasalimu wenzake kabla ya jina lake kupelekwa RITA. Nilimsindikiza mpaka getini nikamngoja chini ya mwembe. Alitoka baada ya saa moja na nusu, kashika kitenge chake na bahasha ya katiba. Alisema mwenyekiti, ambaye ni yule daktari, alisoma wasifu kimya, akafika kwenye mstari ule, akamwuliza maana yake. Dada akawasimulia habari ya lori la glovu, bila kutaja hospitali wala bosi. Wakili hakusema kitu, aliandika tu. Mhasibu ndiye aliyeuliza swali la mwisho: zile katoni 12 zililetwa?

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia ukweli, zililetwa kumi." Akapanda bajaji, akasogea nipate nafasi. "Mbili bado nawadai."